Barua ya mwanafunzi kwa Baraza la Manispaa: jinsi ya kuomba kizimba cha chupa

Barua ya kwanza ambayo klabu yetu ya mazingira iliandika ilikuwa na kurasa nne. Tatu zilieleza bahari, tabaka la hewa na vizazi vijavyo, na ya nne ikaomba "msaada wenu wa hali na mali". Haikujibiwa. Nilipoisoma tena baada ya miezi kadhaa, nilimwelewa ofisa aliyeiweka kando. Angejibu nini? Hakuna mahali palipoandikwa kinachotakiwa, kiasi gani, wala mtaa upi.

Ya pili iliandikwa na binti wa kidato cha tano, mkazi wa Busia upande wa Uganda, karibu na pale malori yanapopanga foleni kuingia Kenya. Ilikuwa na ukurasa mmoja na nusu, ikaomba mambo matatu, na siku ya tisa mwandishi akaitwa ofisini. Mwongozo huu unafuata njia aliyopita yeye. Tarakimu zake ni za mtaa wake, kwa hiyo usizinakili. Kahesabu zako.

Hatua ya 1: Chagua taka moja tu

Vijana wengi huandika kwamba watakusanya plastiki, karatasi, vyuma, chupa za kioo na maganda ya matoke. Mradi wa namna hiyo huelemewa wiki ya pili. Sehemu kubwa ya taka za miji yetu kwa uzito ni maganda na mabaki ya chakula, na hizo zinahitaji uwanja wa kuozeshea na mtu wa kuzigeuza kila wiki. Mwanafunzi mwenye Jumamosi moja huru hawezi kazi hiyo.

Binti yetu alichagua chupa za maji na soda, zile nyepesi, angavu, zenye namba 1 ndani ya pembetatu chini ya kitako. Sababu yake haikuwa uzito, kwa maana chupa hazina uzito. Ni kwamba chupa hujaza nafasi na kuziba mitaro. Ukimwambia ofisa mazingira kwamba utapunguza tani za taka, atakucheka kimoyomoyo. Ukimwambia utapunguza chupa kwenye mtaro unaofurika mbele ya soko, atavuta kiti.

Ukiwa na shaka kama plastiki fulani ni ya aina hiyo, kata kipande ukitumbukize kwenye beseni la maji. Plastiki ya chupa ya maji huzama, ya kifuniko huelea. Ndiyo maana wanunuzi wengi hutaka vifuniko viondolewe au viwekwe kando.

Hatua ya 2: Hesabu kwa siku saba

Barua husimama au kuanguka hapa, kwa hiyo usiiharakishe.

Chukua nyumba 20 za seli yako, si za rafiki zako tu. Njia rahisi ni kuanza mwanzo wa barabara na kuingia kila nyumba ya kumi na mbili kama seli ina nyumba 240. Ongeza hoteli ndogo na vibanda 8. Idadi ya nyumba utaipata kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la seli, ambaye kwa kawaida ana daftari la wakazi. Wape wote gunia moja tupu na uwaombe kitu kimoja: kila chupa ya maji au soda iingie humo kwa wiki nzima. Wiki iwe kamili, Jumatatu hadi Jumapili, kwa sababu siku ya soko na siku ya kawaida hazifanani hata kidogo.

Wenye hoteli watauliza kama unatoka ofisi ya kodi. Binti huyo aliulizwa hivyo mara tatu siku ya kwanza. Alichojibu kilifaa: "Hapana mama, mimi ni mwanafunzi, nahesabu chupa. Jina lako siliandiki." Na kweli hakuandika majina. Aliandika "hoteli ya 1", "hoteli ya 2", basi.

Mwisho wa wiki alipata chupa 112 kutoka nyumba 20, yaani 5.6 kwa kila nyumba. Kutoka vibanda na hoteli 8 alipata 560, yaani 70 kwa kila moja. Seli yake ina nyumba 240 na hoteli na vibanda 30. Nyumba zote zikawa 240 mara 5.6, sawa na chupa 1,344. Hoteli zikawa 30 mara 70, sawa na 2,100. Jumla ni chupa 3,444 kwa wiki.

Angalia kilichojitokeza. Hoteli 30 zinatoa chupa nyingi kuliko nyumba 240. Kabla ya kuhesabu, alikuwa amepanga kupita nyumba kwa nyumba na toroli. Baada ya kuhesabu, aliacha nyumba zijiletee zenyewe, akaweka nguvu kwenye hoteli.

Kisha uzito. Omba mizani kwa muuza mahindi, pima chupa 50 tupu kwa pamoja, ugawanye kwa 50. Zake zilikuwa gramu 800, yaani gramu 16 kila moja. Chupa 3,444 zikawa kama kilo 55. Usipime chupa moja moja, mizani ya sokoni haioni gramu 16.

Jambo la mwisho la kuhesabu ni mtaro. Pima mita 50 kwa kamba, tembea taratibu, hesabu kila chupa iliyomo. Yeye alipata 213. Andika tarehe na upige picha ukiwa umesimama mahali ambapo utaweza kusimama tena. Tarakimu hiyo ndiyo itakayoonyesha baadaye kama mradi unafanya kazi, maana kilo ulizouza zinaweza kutoka popote, hata mtaa wa jirani, lakini mtaro ni uleule.

Vaa glavu. Kandokando ya foleni ya malori, chupa nyingi si tupu, na kilichomo si soda. Dereva aliyekwama kwenye foleni usiku kucha hana choo. Chupa hizo usizifungue na usizihesabu kama mali.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya pesa kabla ya kuahidi ajira

Tafuta mnunuzi wa plastiki na umuulize mambo manne: bei kwa kilo, kiwango cha chini anachokubali kuja kuchukua, anataka chupa katika hali gani, na kama ana kibali cha kusafirisha taka. Hilo la mwisho wanafunzi husahau. Chini ya Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019 na kanuni za usimamizi wa taka za 2020, kusafirisha taka ni shughuli ya leseni inayosimamiwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Klabu ya shule isijitwike hilo. Iandike wazi kwamba inakusanya na kuhifadhi tu, na anayebeba ni mnunuzi mwenye leseni.

Bei hupanda na kushuka, kwa hiyo uliza kwa watu wawili na utumie ya chini. Yeye aliambiwa shilingi 500 kwa kilo. Sasa fuata hesabu: si chupa zote zitafika kwako, chukua nusu, kama kilo 27 kwa wiki. Kwa wiki nne ni kilo 108. Mara 500 ni shilingi 54,000 kwa mwezi. Toa 20,000 za kusogeza magunia kutoka hotelini kwa bodaboda, na 10,000 za glavu na magunia ya kubadilisha. Zinabaki 24,000.

Shilingi 24,000 kwa mwezi haziajiri mtu. Aliponiletea hesabu hii, uso ulikuwa umeshuka. "Mwalimu, mradi umekufa." Nikamwambia haujakufa, umejifunua. Rasimu yake ya awali ilisema "mradi utaajiri vijana 15". Sentensi hiyo tuliifuta, na nadhani ndiyo iliyoiokoa barua. Karani wa Mji anasoma makadirio kila siku, angeigundua kwa dakika moja. Badala yake barua ikasema ukweli: mapato yanatosha kulipia gharama za uendeshaji, na faida ya baraza ni mtaro unaopitisha maji.

Pima pia gunia. Gunia la kilo 100 za mahindi lilibeba chupa kama 150 zikiwa nzima, yaani kilo 2.4. Zilipokanyagwa na vifuniko kutolewa, ziliingia kama kilo 6. Kilo 108 za mwezi ni magunia 45 zikiwa nzima, lakini 18 tu zikikanyagwa. Hapo unajua ukubwa wa kizimba cha kuhifadhia chupa: mita 3 kwa 4 zinatosha, na unabaki na nafasi ya kusimama.

Hatua ya 4: Omba kile ambacho baraza linacho

Manispaa nyingi hazina pesa za ziada katikati ya mwaka. Zina vitu vingine: kipande cha ardhi kando ya soko, ruhusa, lori la taka linalopita siku fulani, na neno la ofisa afya kwa wenye hoteli. Omba hivyo kwanza.

Ombi la pesa lina msimu wake. Mwaka wa fedha wa Uganda huanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. Mikutano ya kujadili bajeti ijayo huanza miezi ya mwisho ya mwaka wa kalenda, na bajeti hupitishwa kabla ya mwisho wa Mei. Barua ya Septemba inaweza kuingia kwenye mazungumzo. Ya Aprili imechelewa, hata ikiwa nzuri kama shairi.

Na tafuta mtu mzima wa kutia sahihi pamoja nawe. Kama hujafika miaka 18, huwezi kufunga mkataba wa eneo. Mwalimu mlezi wa klabu anafaa. Ikiwa baadaye mtataka pesa, kikundi kitahitaji kusajiliwa kupitia ofisa maendeleo ya jamii na kuwa na akaunti ya benki.

Hatua ya 5: Barua ipite mlango gani

Barua huandikiwa Karani wa Mji, si Meya. Meya ni kiongozi wa kisiasa. Karani ndiye mkuu wa watumishi na mwenye dhamana ya fedha, na yeye ndiye huipeleka kwa ofisa mazingira au kwenye kamati ya wataalamu. Meya mpe nakala.

Barua ipitie kwa mwalimu mkuu na mwenyekiti wa LC1, kila mmoja akitia sahihi na muhuri. Bila muhuri wa LC1, swali la kwanza ofisini litakuwa: "Mwenyekiti wako anajua?" Nenda kwake asubuhi, ukae, umsomee. Klabu yetu iliwahi kuombwa "kitu kidogo cha wino". Mwalimu mwenzangu alikwenda pamoja na mwanafunzi, wakazungumza, muhuri ukagongwa bure. Usiende peke yako.

Kuhusu lugha: Kiswahili ni lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya Katiba ya 2005, lakini mafaili ya ofisi yanaandikwa kwa Kiingereza. Binti huyo aliandika kwa Kiswahili, akaisoma kwenye mkutano wa seli ambako kuna Wasamia, Wateso, Waganda na wafanyabiashara kutoka ng'ambo, wote wakaielewa, wakairekebisha. Kisha akaambatisha tafsiri ya Kiingereza kwa ajili ya faili. Fanya hivyo.

Hatua ya 6: Barua yenyewe

Majina nimeyaacha wazi.

Klabu ya Mazingira,
Shule ya Sekondari ________,
Busia.
22 Septemba 2025

Karani wa Mji,
Baraza la Manispaa ya Busia.

Kupitia kwa: Mwalimu Mkuu, Shule ya Sekondari ________
Kupitia kwa: Mwenyekiti wa LC1, Seli ya ________

Mheshimiwa,

YAH: OMBI LA ENEO LA MITA 3 KWA 4 KWA AJILI YA KIZIMBA CHA CHUPA ZA PLASTIKI, SELI YA ________

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano na mkazi wa seli iliyotajwa. Naandika kwa niaba ya wanachama 18 wa klabu yetu.

Tarehe 14 Septemba tulihesabu chupa 213 za plastiki ndani ya mita 50 za mtaro ulio mbele ya soko. Kuanzia tarehe 8 hadi 14 tulihesabu pia chupa zinazotupwa na nyumba 20 na hoteli na vibanda 8. Kwa kukadiria seli nzima, hutupwa chupa kama 3,444 kwa wiki, zenye uzito wa kilo 55. Zaidi ya nusu zinatoka hotelini na vibandani.

Tunapendekeza kukusanya nusu ya chupa hizo. Hoteli zitajaza magunia, wanachama watayachukua Jumatano na Jumamosi, chupa zitakanyagwa na kuhifadhiwa kizimbani, na mnunuzi mwenye leseni atazichukua mara moja kwa mwezi. Klabu haitasafirisha taka wala kuchoma chochote.

Tunaliomba Baraza mambo matatu:
1. Ruhusa ya kutumia eneo la mita 3 kwa 4 karibu na choo cha soko kwa miezi sita.
2. Lori la taka lichukue masalia tusiyoweza kuuza, kadiri ya gunia moja kwa wiki, katika safari yake ya kawaida.
3. Ofisa afya atutambulishe kwa wenye hoteli kwa barua fupi.

Gharama ya kuanza ni shilingi 600,000: kizimba cha wavu na mabati 450,000, magunia 40 kwa 40,000, glavu jozi 10 kwa 50,000, na kibao 60,000. Wazazi na wafanyabiashara wa seli wameahidi 250,000. Tunaomba salio la 350,000 lifikiriwe katika bajeti ijayo. Likikosekana, tutaanza na uzio wa mbao. Mapato tunayotarajia ni kama shilingi 54,000 kwa mwezi na matumizi 30,000. Hayatoshi kuajiri mtu.

Kila mwezi tutahesabu tena chupa katika mita zilezile 50 na kumletea ofisa mazingira matokeo. Zikibaki zaidi ya 100 baada ya miezi sita, tutaondoa kizimba na kurudisha eneo likiwa safi.

Tuko tayari kuitwa siku yoyote baada ya saa kumi jioni.

Wako mtiifu,
________, Mwanafunzi
________, Mwalimu mlezi

Viambatisho: jedwali la hesabu, picha mbili, ramani ya mkono, tafsiri ya Kiingereza.
Nakala: Meya, Ofisa Mazingira, Mwenyekiti wa Divisheni, Diwani wa vijana.

Kuna sehemu mbili nataka uzitazame. Ya kwanza ni kichwa. Anayeorodhesha barua masjala husoma kichwa pekee, kwa hiyo "mita 3 kwa 4" imo humo. Ya pili ni ahadi ya kuondoa kizimba. Hofu kubwa ya ofisa ni rundo la chupa litakalobaki pale klabu ikishavunjika, yeye akiulizwa. Barua imeijibu hofu hiyo kabla haijatamkwa.

Kitu ambacho barua haikukitaja, nasi tukaumbuka ofisini, ni likizo. Nani atachukua magunia kati ya Desemba na Februari? Wanachama kumi walikuwa wa bweni. Ongeza sentensi inayotaja wakazi wawili wa seli watakaoshika funguo wakati wa likizo.

Utaona pia kwamba barua haimtaji mtu wala janga la mbali. Rasimu ilianza na maporomoko ya jaa la Kiteezi ya 10 Agosti 2024, yaliyoua makumi ya watu. Ni habari ya kweli na ya uchungu, lakini kila ofisa anaijua, na magunia yetu 18 yasingelizuia lile. Tuliiondoa, mtaro ukabaki peke yake.

Hatua ya 7: Baada ya kuipeleka

Chapa nakala mbili. Moja inabaki masjala, ya pili inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, nawe unaondoka nayo. Bila muhuri huo barua yako haikuwahi kufika. Uliza namba ya faili na uiandike juu ya nakala yako kwa kalamu.

Subiri wiki mbili, kisha nenda kwa ofisa mazingira, si kwa Karani. Muulize: "Bwana ofisa, barua hii imefikia meza gani?" Ikiwa kwenye kamati ya wataalamu, waombe wakutane nawe kwenye eneo lenyewe. Baada ya mvua ndiyo siku nzuri. Ikiwa haijulikani ilipo, mwone diwani wa vijana. Kisheria kila baraza lina wawakilishi wawili wa vijana, mmoja mwanamke, na hawa wanaweza kuuliza habari zake kikaoni.

Kama unahitaji takwimu za ofisi, kwa mfano mtaro ulizibuliwa mara ngapi mwaka jana na kwa shilingi ngapi, iombe kwa barua nyingine fupi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005, ambayo inaipa ofisi siku 21 za kujibu. Usiichanganye na ombi la kizimba, kwa sababu mtu anayeombwa eneo na kuhojiwa matumizi katika karatasi moja hujibu lile la pili kwa kunyamaza.

Jibu la kawaida ni "wazo zuri, bajeti haipo". Binti yetu aliambiwa hivyohivyo. Alifungua nakala yake, akaweka kidole kwenye ombi la 1, akasema, "Sawa, mzee. Hili la eneo halina bajeti." Walitoka pamoja kwenda kupima. Eneo la karibu na choo lilikuwa njia ya mkokoteni wa maji, wakasogea hatua ishirini, nyuma ya duka la mbao.